Jinsi ya kuandika barua kwa wazazi kuhusu utaratibu mpya wa kazi za nyumbani (mfano wa Darasa la Tatu)

Juzi nimemsaidia mwalimu mwenzangu wa shule ya msingi ya serikali kuandika barua ya kuwaeleza wazazi wa Darasa la Tatu utaratibu mpya wa kazi za nyumbani. Rasimu yake ilikuwa kurasa mbili, tukamaliza na barua isiyozidi ukurasa mmoja. Naweka hapa njia tuliyopita, pamoja na barua yenyewe, kwa sababu walimu wengi wa taaluma huombwa kazi hii na mwalimu mkuu bila kupewa mfano.

Hatua ya 1: Malizeni utaratibu kabla ya kushika kalamu

Walimu wote wa darasa hilo wakubaliane siku, muda na nini kitatokea kazi isipomalizika. Kuhusu muda, kanuni inayotumika sana Marekani ni dakika 10 kwa kila darasa, kwa hiyo Darasa la Tatu ni dakika 30 kwa masomo yote kwa jumla. Mimi nakubaliana nayo. Harris Cooper wa Chuo Kikuu cha Duke na wenzake walipochambua tafiti za kazi za nyumbani mwaka 2006 waliona kwamba uhusiano wake na matokeo ya mtoto ni dhaifu zaidi kwa wadogo kuliko kwa wa sekondari, kwa hiyo sioni sababu ya kumkeshesha mtoto wa miaka tisa na daftari.

Kazi ipimwe kwa muda, isipimwe kwa idadi ya maswali. Maswali kumi mtoto mmoja anayamaliza kwa robo saa, mwingine yanamchukua jioni nzima na kuishia kwa viboko.

Hatua ya 2: Anza na jambo ambalo mzazi analitafuta

Shule za msingi za serikali hapa Tanzania hazitozi ada, lakini mzazi akipokea karatasi ya shule, macho yake bado yanatafuta kiasi cha fedha. Hawezi kusoma chochote kwa utulivu mpaka ajue kama kuna mchango. Basi sentensi ya kwanza baada ya kichwa cha barua iseme kwamba hakuna. Salamu ndefu na maelezo ya sera ya elimu ziondoe.

Hatua ya 3: Andika sehemu ya msaada wa nyumbani

Hapa ndipo barua nyingi zinapoharibika, na hapa ndipo tulipotumia muda wetu mwingi. Rasimu ilisema: "Tunawaomba wazazi wasimamie kazi za watoto wao ipasavyo." Kila nyumba italitafsiri neno hilo kwa namna yake. Baba mmoja atakaa na fimbo. Mama mwingine, aliyechoka kutoka sokoni, atamwambia kaka wa Darasa la Sita amfanyie mdogo wake. Bibi ambaye hakwenda shule ataona barua haimhusu, ilhali yeye ndiye anayeshinda na mtoto.

Kipimo changu ni hiki: kila unachomwomba mzazi kiwe kitendo ambacho hata asiyejua kusoma anaweza kukifanya, na ambacho jirani akichungulia dirishani angekiona kinafanyika. "Kuhamasisha" hakionekani. "Kaa karibu naye anaposoma kwa sauti" kinaonekana.

Chukua kusoma. Mtoto wa Darasa la Tatu anaweza kuimba ukurasa mzima ambao amekariri darasani, na mzazi akaamini anasoma. Njia ya kumtambua haihitaji mzazi ajue herufi hata moja: aweke kidole chake katikati ya ukurasa na kumwambia, "Anzia hapa." Aliyekariri atasita, au atarudi juu aanze mwanzo. Baada ya hapo mzazi amwambie amsimulie alichosoma, na kama nyumbani kinazungumzwa Kisukuma au Kigogo, asimulie kwa lugha hiyo. Akiweza kusimulia, ameelewa. Liandike hili kwenye barua waziwazi, maana wazazi wengi wanadhani lugha ya nyumbani hairuhusiwi kwenye mambo ya shule.

Hesabu zina hatari nyingine, ya mzazi anayejua sana. Tuseme swali ni 52 − 27, na mtoto ameandika 35. Mzazi anaona kosa, anafuta, anaandika 25, na daftari linarudi shuleni likiwa safi. Mwalimu anaweka vema na kuendelea na mada inayofuata. Lakini ile 35 ilikuwa na habari muhimu: mtoto aliona 2 ni ndogo kuliko 7, akageuza na kutoa 2 kwenye 7 akapata 5, halafu 5 toa 2 akapata 3. Hajui kukopa. Mwalimu angeiona angemwita mtoto na vijiti, mafungu matano ya vijiti kumi kumi pamoja na vijiti viwili vya pembeni, wakafungua fungu moja pamoja. Kwa hiyo barua imwombe mzazi asifute. Amuulize tu mtoto, "Umefanyaje hapa?" Mara nyingi mtoto hugundua kosa mwenyewe akiwa katikati ya kueleza, na asipogundua, kosa liende shuleni lilivyo.

Ukitaka kujua kama kazi inafanywa na mtu mwingine, angalia daftari lenye vema kumi kutoka nyumbani, kisha mpe mtoto huyo swali moja la aina hiyo ubaoni. Usimwadhibu. Ongea na mzazi.

Jambo la tatu ni kusimama. Nusu saa ikiisha, mzazi achore mstari chini ya swali la mwisho alilofika mtoto. Mstari huo unatosha, hakuna haja ya saini wala maelezo. Asubuhi mwalimu akifungua madaftari na kukuta mistari mingi imesimama chini ya swali la nne, ajue somo halikueleweka, alirudie. Sharti lake ni moja na walimu wote walitunze: mtoto mwenye mstari asiadhibiwe hata siku moja. Akichapwa mara ya kwanza, kesho yake mistari yote itapotea na majibu ya kaka yatarudi.

Mwisho wa hatua hii ni saa. Usiandike "usiku baada ya chakula". Kwetu giza linaingia mnamo saa moja jioni mwaka mzima, na nyumba nyingi zina taa moja tu au luku imekwisha. Taja muda wa mwanga, kati ya saa 11:00 na 12:00 jioni, na uombe mtoto asitumwe maji wala dukani kwa nusu saa hiyo. Taja wasichana, kwa sababu wao ndio hutumwa zaidi.

Hatua ya 4: Iandike

Hii ndiyo tuliyofikia. Badilisha panapohitajika.

> Shule ya Msingi ____________,
> S.L.P. ______, ____________.
> Tarehe ____________
>
> Ndugu Mzazi/Mlezi,
>
> YAH: UTARATIBU MPYA WA KAZI ZA NYUMBANI, DARASA LA TATU
>
> Hakuna mchango wowote unaoombwa katika barua hii.
>
> Kuanzia Jumatatu tarehe ______, mtoto wako atakuja na kazi ya nyumbani siku nne kwa wiki, Jumatatu hadi Alhamisi. Ijumaa na siku za mapumziko hakuna kazi. Kazi ni ya nusu saa tu: dakika 10 za kusoma kwa sauti na dakika 20 za hesabu. Daftari na kitabu atapewa shuleni.
>
> Tunaomba apate nusu saa hiyo kungali na mwanga, kati ya saa 11:00 na 12:00 jioni, na kwa muda huo asitumwe kazi nyingine, awe mvulana au msichana.
>
> Anaposoma, kaa karibu umsikilize. Weka kidole katikati ya ukurasa umwambie aanzie hapo. Akimaliza, mwambie akusimulie alichosoma, kwa Kiswahili au kwa lugha yenu ya nyumbani. Hata kama wewe mwenyewe hujui kusoma, unaweza kufanya hivi.
>
> Anapofanya hesabu, usimfanyie wala usifute alichoandika. Muulize, "Umefanyaje hapa?" Akikosea, acha kosa lije shuleni ili mwalimu aone pa kumsaidia.
>
> Nusu saa ikiisha, mwache apumzike hata kama hajamaliza. Chora mstari chini ya swali alilofikia. Mtoto hataadhibiwa kwa kutomaliza.
>
> Tafadhali jaza kipande cha chini na mtoto akirudishe kabla ya Ijumaa.
>
> Wako katika ujenzi wa taifa,
> ____________
> Mwalimu Mkuu
>
> ✂ - - - - - - - - - -
> Jina la mtoto: ____________
> Atafanya kazi saa ngapi? ______
> Nani atakaa naye? ____________

Hatua ya 5: Ijaribu kwa mtu asiye mwalimu

Mpe mama lishe wa jirani na shule au mlinzi. Aisome au asomewe mara moja, kisha umuulize: "Kesho jioni utafanya nini?" Akijibu "nitamsaidia mtoto", barua bado haijafika. Akijibu "nitamsikiliza akisoma, halafu nitachora mstari", peleka kwa mwalimu mkuu. Maneno kama umahiri, stadi na ufaulu yakibaki, yatakwama hapa.

Hatua ya 6: Saini na muhuri

Mwalimu mkuu asaini na kugonga muhuri, na kamati ya shule ijulishwe. Weka kumbukumbu namba kama shule yenu inatumia.

Hatua ya 7: Fikisha, halafu soma vipande

Mimi napendelea karatasi kuliko kundi la Wasapu. Simu janja ya nyumba mara nyingi iko kwa baba aliye kazini, na picha ya barua inapotea chini ya salamu za asubuhi. Kama ni lazima kutumia Wasapu, mwalimu wa darasa airekodi barua kwa sauti yake, isizidi dakika mbili, aweke na picha chini yake. Barua ikisomwa pia kwenye kikao cha wazazi, onyesha kwa vitendo ule mchezo wa kidole na mtoto mmoja aliye tayari, na wazazi wauone.

Kile kipande cha chini nimekiwekea maswali kwa makusudi. Kipande kinachosema "nimesoma na kuelewa" kila mtu anasaini. Swali la "nani atakaa naye" linamlazimu mzazi apange, na linakupa wewe orodha.

Vipande vikirudi, vigawe mafungu matatu. La kwanza ni waliotaja saa na mtu, hao waanze. La pili ni walioandika saa za usiku, au waliomtaja kaka au dada mdogo. Zungumza na hao mmoja mmoja wanapokuja kuchukua watoto au kwa simu. La tatu ni wale ambao hawakurudisha, na wale walioandika "hakuna" au kuacha wazi. Kwa hawa usitume barua ya pili. Wapangie nusu saa yao shuleni baada ya kengele ya mwisho, wakisomeana wawili wawili kwa kidole kilekile mbele ya mwalimu wa zamu, na mstari auchore yeye.