Shawa inatoa maji kidogo: pima kwa ndoo kabla ya kununua siki

Ukanda wa pwani visima vingi vimechimbwa kwenye mawe ya matumbawe, na maji yake yana chokaa nyingi. Chokaa hiyo ndiyo ukoko mweupe unaouona kwenye sufuria ya kuchemshia maji, na ndiyo inayoziba matundu ya shawa. Lakini si kila shawa dhaifu imezibwa na ukoko, na siki haisaidii kitu kama shida iko nyuma ya ukuta. Kwa hiyo tuanze na kipimo.

Kwanza, weka ndoo ya lita 10 chini ya shawa, fungua koki yote na uangalie saa mpaka ijae. Kisha fungua kichwa cha shawa kwa mkono. Kikigoma, kizungushie kitambaa kabla ya kutia spana malaya, usije ukakwangua rangi. Pima tena, maji yakitoka kwenye mkono mtupu wa shawa, yaani kibomba kinachotoka ukutani kushika kichwa.

Nichukue nyumba moja ya Kigamboni yenye kisima. Ikiwa na kichwa, ndoo ilijaa kwa dakika 4. Bila kichwa, dakika 1. Mkono ni mzima. Kosa liko kwenye kichwa. Kama vipimo vyote viwili vingekuwa dakika 4, kuloweka kichwa kungekuwa kupoteza muda.

Sasa loweka. Mimina siki nyeupe ya dukani kwenye bakuli, uzamishe upande wa matundu. Ukiona vipovu vinapanda, ndiyo chokaa inayeyuka. Saa moja au mbili zinatosha. Usiache kulala humo kichwa chenye rangi ya kung'aa, hasa cha dhahabu, maana siki inakula rangi. Halafu sugua kwa mswaki wa zamani. Matundu ya mpira yaminye kwa kidole gumba, ukoko utamenyeka wenyewe. Ya plastiki ngumu tumia kijiti cha meno. Msumari unapanua tundu, na maji yatakwenda upande siku zote.

Pale Kigamboni, baada ya siki ndoo ilijaa kwa dakika 3. Nafuu kidogo tu, na hapo ndipo wengi hukimbilia duka la vifaa. Tulichungulia shingo ya kichwa, pale kinapoingia kwenye mkono: chini ya washa ya mpira kulikuwa na kichujio kidogo cha wavu, kimejaa mchanga na vipande vya ukoko vilivyobanduka ndani ya bomba. Kilitolewa kwa ncha ya bisibisi, kikasuguliwa na kurudishwa. Ndoo ikajaa kwa dakika 1 na nusu.

Hata bila kufungua kitu, shawa yenyewe hukueleza. Ukoko huja polepole, na vijito vya maji vinapinda au vingine havitoki kabisa. Kichujio kikiziba, matundu yote yanatoa maji yaliyonyooka lakini yaliyolegea, na mara nyingi hali hiyo huanza ghafla, siku maji yaliporudi baada ya kukatika.

Mkono wenyewe ukitoa maji kidogo, ufungue kutoka ukutani uangalie ndani. Mkono wa chuma wa zamani hujaa kutu mpaka tundu linabaki dogo sana. Nenda taratibu: uzi ukivunjikia ndani ya kiwiko cha ukutani, itabidi kubomoa vigae. Ukirudisha, zungushia tepu nyeupe ya mafundi, ukifuata upande wa kukazia.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Fundi, yangu ni shawa ya umeme. Naweza kuifungia mfuko wenye siki?

Jibu: Hapana, dada. Zima swichi yake kuu kwanza, fungua sahani ya chini yenye matundu, uloweke hiyo peke yake. Ukirudisha, acha maji yapite bila umeme mpaka yajae ndani, la sivyo koili itaungua. Angalia pia mdomo wa kuingizia maji: baadhi zina kipande cha plastiki cha kupunguza presha. Kama tangi lako liko chini, kitoe.

Swali: Nikitumia dawa ya choo si itakuwa haraka zaidi?

Jibu: Itakuwa haraka, na rangi itaondoka nayo. Na ukishatumia siki au tindikali yoyote, usichanganye na jiki. Inatoa gesi ya klorini, na bafu ni chumba kidogo.

Swali: Kaka, mkono mtupu kwangu unatoa kidogo, na ndani ni safi. Simtanki iko juu ya dari, kama mita 2 tu juu ya shawa.

Jibu: Hapo hakuna kilichoziba. Kila mita 1 ya kimo inakupa presha ya baa 0.1, kwa hiyo una baa 0.2, na shawa nyingi za kisasa zinataka zaidi ya hapo. Hakikisha tu koki ya kutokea kwenye tangi imefunguliwa yote. Ikiwa iko wazi, pandisha tangi au ufunge pampu ndogo ya kuongeza presha.