Kuchambua mfululizo wa barua pepe 20: kipi kimeamuliwa, kipi hakijajibiwa, nani afanye nini

Tuchukue barua pepe 20 kuhusu semina ya siku moja mjini Morogoro. Wanaoandikiana ni mratibu, mhasibu, afisa ununuzi, mkurugenzi na wakufunzi wawili.

1. Zipange kwa wakati. Kwenye Gmail ya kompyuta, bofya alama ya printa iliyo juu ya mazungumzo. Barua zote hufunguka kwenye ukurasa mmoja, ya zamani ikiwa juu. Zipe namba. Ukikuta `[Quoted text hidden]`, rudi kwenye barua yenyewe ubofye nukta tatu, maana wapo wanaojibu katikati ya maneno ya mwenzao.

2. Soma zote ukiweka alama pembeni: U kwa uamuzi, S kwa swali, K kwa kazi. Muhtasari usubiri.

3. Pima kila U. Uamuzi unahitaji pendekezo linaloeleweka na kauli ya mwenye mamlaka ya kulipitisha. Hapa neno "sawa" huwapoteza wengi. Katika barua ya 7 mratibu anapendekeza washiriki 40 na tarehe 12 Juni. Katika ya 8 mhasibu anauliza kama nauli zitatoka kwenye bajeti hiyohiyo. Katika ya 9 mkurugenzi anajibu: "Sawa, tuendelee." Sawa kwa lipi? Angalia chini ya jibu lake amenukuu barua ipi. Amenukuu ya 7, kwa hiyo idadi na tarehe zimepita, lakini suala la nauli halijaguswa.

4. Fuatilia kila S hadi jibu lake. Kutafuta alama ya kuuliza kwa `Ctrl+F` hakutoshi, kwa sababu wengi huuliza kwa "naomba kujua" au "tunasubiri maelekezo". Mkurugenzi akiandika baadaye "nitaliangalia la nauli", hajajibu. Swali libaki wazi.

5. Kila K iwe na mtendaji, tendo na tarehe. "Ukumbi ulipiwe mapema" haina mtendaji wala siku. Usimbambikie afisa ununuzi kwa kuwa tu ndiyo kazi yake ya kawaida; andika "mtendaji hajatajwa". Na "Ijumaa" ihesabu kuanzia siku barua ilipotumwa, si siku unayoisoma.

6. Rudi kwenye barua za mwisho, ukitazama na waliotumiwa. Katika ya 17 mkufunzi mmoja anasema tarehe 12 hataweza. Katika ya 18 mkurugenzi anaandika "basi iwe 19". Uamuzi wa awali umefutwa. Lakini ya 18 ilienda kwa watu watatu tu, na afisa ununuzi hakuwemo. Yeye bado anatafuta ukumbi wa tarehe 12, kwa hiyo mpigie kwanza.

7. Watumie wote sita, ukitaja namba za barua:

```
UAMUZI: washiriki 40 (7, 9); tarehe 19 Juni, si 12 (18)
SWALI: nauli zitoke bajeti ipi? (8) - mkurugenzi
KAZI: kulipia ukumbi (11) - mtendaji na siku havijatajwa
```

Mwishoni waombe wasahihishe kabla ya saa 10 jioni kesho, na utaje tarehe yenyewe.