Kata tarehe kwanza, madirisha baadaye

Ukifundisha mtandao wa neva kutabiri matumizi ya umeme ya saa 24 zijazo kutokana na saa 168 zilizopita, usitengeneze madirisha, yaani vipande vya saa 168 za nyuma na saa 24 za majibu yake, kisha ukayagawa kwa `train_test_split` ya scikit-learn. Hiyo huchanganya safu usipoandika `shuffle=False`, na kwa kuwa kila dirisha huanza saa 1 tu baada ya jirani yake, majibu ya jaribio huwa yameshaonekana kwenye mafunzo. Hata bila kuchanganya, madirisha 23 ya mwisho ya mafunzo bado hugusa saa za jaribio. Chagua tarehe ya kukata, ubakize kwenye mafunzo madirisha ambayo saa zake zote 24 za majibu zinaisha kabla ya tarehe hiyo. Wastani wa kusawazisha namba nao utoke kwenye mafunzo pekee. Dirisha la jaribio kuchukua saa zake 168 za nyuma kutoka kipindi cha mafunzo, hilo ni halali kabisa.