Somo: Kuandika insha ya tafakari kuhusu tukio gumu la wodini kwa mzunguko wa Gibbs

Mzunguko wa Graham Gibbs wa mwaka 1988 una hatua sita: maelezo, hisia, tathmini, uchambuzi, hitimisho na mpango wa utekelezaji. Wanafunzi wengi wa uuguzi wanazikariri vizuri, kisha nusu ya insha inaishia kwenye kusimulia kisa. Kwa hiyo gawa maneno kabla hujaandika. Kwa insha ya maneno 1,500, mgawo unaofaa ni utangulizi 100, maelezo 200, hisia 150, tathmini 250, uchambuzi 450, hitimisho 150 na mpango 200.

Tuchukue tukio hili la mfano. Mwanafunzi anampima mama aliyefanyiwa upasuaji wa tumbo jana yake. Anapumua mara 26 kwa dakika, mapigo ni 118, presha ya juu ni 98. Mwanafunzi anamwambia muuguzi wa zamu, "Yule mama hayuko vizuri." Muuguzi yuko kwenye kugawa dawa, anajibu, "Nakuja." Mwanafunzi anasubiri kimya. Baada ya dakika 40 daktari anapita, anagundua mama anavuja damu ndani, na anarudishwa chumba cha upasuaji.

Maelezo. Andika kile tu ambacho uchambuzi utakihitaji: vipimo, maneno yaliyosemwa, muda uliopita. Historia nzima ya ugonjwa iache.

Hisia. "Nilijisikia vibaya" haimwambii msomaji kitu. Tenganisha ulichohisi wakati ule (woga wa kumkatiza mkubwa wako kazini) na ulichohisi baadaye (hatia). Woga huo utauhitaji tena kwenye uchambuzi.

Tathmini. Pande zote mbili. Kilichokwenda sawa: pumzi zilihesabiwa dakika nzima na kuandikwa kwenye chati. Kilichoharibika: taarifa ilitolewa, lakini hakuna aliyechukua hatua.

Uchambuzi. Hapa ndipo insha nyingi zinapoangukia, kwa sababu mwandishi anarudia tathmini kwa maneno mengine. Jiulize swali moja: kwa nini taarifa ile haikumleta mtu kitandani?

Sababu ya kwanza ni kwamba haikuwa na namba. Pumzi za mtu mzima aliyetulia ni 12 hadi 20 kwa dakika. Kwa kipimo cha NEWS2, kinachotumika Uingereza kupima kwa alama ukali wa hali ya mgonjwa, pumzi 26 ni alama 3, mapigo 118 ni alama 2, presha 98 ni alama 2. Jumla ni 7, kiwango kinachodai timu ya dharura iitwe, na bado hatujagusa oksijeni wala joto. "Hayuko vizuri" ilificha yote hayo. Linganisha na taarifa iliyopangwa kwa mfumo wa SBAR, yaani hali, historia, tathmini, ombi: "Mama wa kitanda cha nne anapumua 26, mapigo 118, presha ya juu 98. Jana alipasuliwa tumbo. Nahofia anavuja damu. Naomba uje sasa hivi."

Sababu ya pili ni kimya cha dakika 40. Rudi kwenye ule woga, uuunganishe na maandiko kuhusu ngazi za madaraka wodini. Kila dai hapa liwe na chanzo, la sivyo ni maoni tu.

Hitimisho. Taja ambacho ungeweza kufanya tofauti: kurudi baada ya dakika tano, au kumwendea msimamizi wa wodi.

Mpango. "Nitaboresha mawasiliano" haupimiki. Andika: "Kabla ya zamu ya wiki ijayo nitafanya mazoezi ya SBAR mara tatu na mkufunzi wangu, naye atanisikiliza nikikabidhi mgonjwa mmoja."

Maswali ya wanachama

*Naruhusiwa kuandika kuwa yule muuguzi alikuwa mzembe?*
Hapana, hiyo ni hukumu. Andika alichosema na alichokuwa anafanya. Mtu anayegawa dawa peke yake wodi nzima ana sababu ya kuchelewa, na sababu hiyo ni sehemu ya uchambuzi wako.

*Nikimwita "Bi. A" inatosha kuficha mgonjwa?*
Mara nyingi haitoshi. Ondoa pia jina la hospitali, tarehe na namba ya kitanda. Kama ugonjwa wenyewe ni adimu, utaje kwa ujumla. Hospitali ndogo watu wanajuana.

*Mimi niliona mgonjwa akipigwa kofi. Niandike?*
Ripoti kwanza, kwa msimamizi au mkufunzi wako, leo. Insha haichukui nafasi ya ripoti, na mkufunzi akilisoma jambo hilo kwenye insha kwa mara ya kwanza, atakuuliza kwa nini ulinyamaza. Ukisharipoti, muulize kama tukio hilo linafaa kuandikwa au uchague lingine.