Kuomba Nafasi Mpya Ndege ya Kisumu Inapofutwa: Kaunta, Apu au Simu?

Ndege ya jioni kutoka Kisumu kwenda Nairobi inapofutwa, abiria wote huwania viti vichache vilivyosalia katika safari zinazofuata, na kiti hupewa yule aliyeingizwa kwanza kwenye mfumo, hata kama amesimama mwisho wa foleni. Kwa sababu hiyo, panga foleni, lakini usisubiri zamu yako huku simu ikiwa mfukoni.

Kwanza, fungua apu ya shirika, kisha uweke jina lako la ukoo na ile nambari ya uhifadhi yenye herufi na tarakimu 6. Huenda mfumo umekwisha kukuhamishia safari nyingine. Ikikufaa, ikubali, na isipokufaa, tafuta sehemu ya kubadilisha safari. Usibonyeze Cancel kwa haraka, kwani unaweza kuhesabiwa kuwa umejiondoa mwenyewe, ilhali shirika likifuta safari kwa kawaida hukubadilishia bila malipo.

Apu ina mipaka. Ukiwa umeshapewa pasi ya kupandia ndege, mara nyingi itakataa mabadiliko hadi mhudumu wa kaunta akuondoe kwenye orodha ya safari iliyofutwa. Mzigo uliokwisha kupokelewa nao hurejeshwa na wahudumu wa uwanjani, si kwa simu. Hapo foleni haikwepeki. Kama tiketi ilikatwa na wakala, mpigie yeye pia, kwa kuwa pengine ndiye mwenye mamlaka ya kuibadilisha.

Simu hufaa zaidi safari inapokuwa na sehemu mbili. Tuseme abiria anatoka Kisumu ili aunganishe ndege ya Dubai usiku huohuo. Ikiwa safari yote iko katika tiketi moja, na amwambie mhudumu, "Naomba unibadilishie sehemu zote mbili kwa pamoja," maana apu inaweza kumpa ndege ya asubuhi ya kwenda Nairobi na kuiacha ile ya Dubai ilivyokuwa. Ikiwa tiketi ni mbili tofauti, ni lazima aliarifu shirika la pili kabla ndege yake haijaondoka.

Wapo wanaoamua kupanda basi la usiku kupitia Kericho na Nakuru. Hilo si kosa, mradi abiria aombe kwanza sehemu ya Kisumu iondolewe rasmi kwenye tiketi. Akikosa tu kutokea kwenye ndege aliyohamishiwa, sehemu zilizobaki huweza kufutwa zote.

Kabla ya kutoka kwenye foleni au kukata simu, uliza iwapo tiketi yenyewe imetolewa upya, kisha uombe nambari yake ya tarakimu 13 na stakabadhi mpya kwa baruapepe. Jina linaweza kuonekana kwenye safari mpya huku tiketi ikiwa bado ya safari ya zamani, na abiria wa namna hiyo huzuiwa asubuhi kwenye kaunta ya kupokea wasafiri.