Ubao wa bei wa kibanda cha chakula: safu zinyooke, tarakimu zisomeke

Mteja wa kando ya barabara husoma ubao akiwa amesimama umbali wa mita 3 hivi, mara nyingi nyuma ya watu wengine. Umbali huo ndio unaoamua ukubwa wa tarakimu. Kanuni ya mafundi wa mabango ni kwamba kila mita 3 za umbali zinahitaji herufi yenye kimo cha milimita 25. Kwa kibanda tumia milimita 30, kwa sababu jioni mwanga hupungua. Kwenye kompyuta, fonti kama Arial ikiwekwa pointi 120 hutoa tarakimu za kimo hicho.

Chukua ubao wa sentimita 60 kwa 90, wenye vyakula 8 na saizi mbili, ndogo na kubwa. Wengi huusimamisha wima bila kupiga hesabu. Bei yenye tarakimu nne na nukta, kwa mfano 12.50, hula takriban milimita 110 kwa kimo hicho. Ukitoa pambizo za milimita 40 kila upande, safu mbili za bei na nafasi ya milimita 30 kabla ya kila safu, jina la chakula hubakiwa na milimita 240, yaani herufi kama 11 tu. Hapo ndipo watu huanza kupunguza herufi au kukata majina katikati.

Ulaze ubao huo huo. Upana sasa ni milimita 900, na jina linapata milimita 540, zinazotosha herufi kama 25. Kwa kimo, toa pambizo na milimita 80 za kichwa cha safu. Zinabaki 440, ambazo ukizigawa kwa vyakula 8 unapata milimita 55 kwa kila mstari. Tarakimu za milimita 30 zinakaa humo na kupumua vizuri.

Ubao mpana una hatari yake. Jina likiwa fupi, macho husafiri mbali kufikia bei na huteleza hadi mstari wa juu au wa chini. Mteja anaagiza akiamini bei moja, unamdai nyingine, na mabishano yanaanza. Dawa ni kupaka rangi hafifu mstari mmoja na kuuacha unaofuata. Nukta nyingi za kuunganisha jina na bei hazifai hapa: kwa mbali zinachanganyika na nukta ya desimali.

Bei zenyewe zipange upande wa kulia wa safu yake, usiziweke katikati, na zote ziwe na desimali mbili:

```
Ndogo    Kubwa
 4.50     7.00
 9.75    12.50
    –     8.00
```

Ukiandika 4.5, kisha 7, kisha 12.50, jicho halioni tena ipi kubwa. Alama ya sarafu iandikwe mara moja, kwenye kichwa cha safu. Chakula kisicho na saizi ndogo kiwekee kistari, maana nafasi tupu huonekana kama bei iliyofutika. Chagua fonti ambayo 1 na 8 zina upana sawa. Arial iko hivyo. Georgia iepuke, kwa kuwa tarakimu zake nyingine hupanda na nyingine hushuka chini ya mstari.

Ukiandika kwa mkono ugenini, angalia wenyeji wanavyoandika. Katika nchi nyingi za Ulaya bara, 1 ina mkia mrefu wa kupanda na 7 hukatwa kistari katikati, kwa hiyo 7 yako isiyokatwa inaweza kusomwa 1. Ujerumani na Ufaransa desimali hutengwa kwa mkato, yaani 4,50; Uingereza na Marekani hutumia nukta. Kuhusu kodi, Uingereza na nchi za Umoja wa Ulaya bei anayooneshwa mlaji hujumuisha VAT. Marekani kodi ya mauzo kwa kawaida huongezwa wakati wa kulipa, kwa hiyo kama bei zako tayari zina kodi, liandike hilo chini ya ubao.

Tarakimu nyeusi juu ya nyeupe isiyong'aa ndizo salama zaidi. Wino mwekundu hupauka juani mapema, na laminesheni yenye mng'ao huakisi anga hadi bei zinapotea. Kama umeshaitumia, inamisha ubao kidogo kwa mbele.

Kabla ya kuuchapa, bandika nakala ya karatasi ya ukubwa kamili ukutani. Mwite mtu asiyeijua, asimame mita 3, umuulize bei ya saizi kubwa ya chakula cha sita. Akinyoosha kidole ili afuate mstari, rangi za mistari ni hafifu mno. Akijongea mbele, ongeza kimo cha tarakimu, hata kama itabidi uondoe chakula kimoja kwenye orodha.

Bei hubadilika mara nyingi kuliko majina, kwa hiyo usizichape pamoja. Chapa kila bei kwenye kipande chake cha milimita 110 kwa 45, ukibandike kwa sumaku au velkro. Kuifuta bei ya zamani kwa kalamu na kuandika nyingine pembeni huvuruga safu nzima, na mteja hubaki akijiuliza ipi ndiyo ya leo.