Somo: Mtoto anafunga choo hata akila papai na mboga? Jaribio la kuondoa maziwa ya ng'ombe

Mimi ni muuguzi wa kliniki ya watoto hapa Kasese. Leo naeleza kuhusu mtoto ambaye tumbo lake halikubali protini ya maziwa ya ng'ombe. Wengi tumezoea kwamba maziwa yakimkataa mtoto ataharisha. Kwa baadhi yao huwa kinyume: njia ya haja huvimba kwa ndani, choo hutoka kigumu, mtoto anaumia, kisha anaanza kukibana. Mwaka 1998 madaktari wa Palermo, Italia, walichapisha utafiti wa watoto 65 waliofunga choo kwa muda mrefu. Walipopewa maziwa ya soya badala ya ya ng'ombe, 44 walipata nafuu. Hao walikuwa watoto ambao dawa za kulainisha choo zilishawashinda, kwa hiyo usidhani kila mtoto mwenye choo kigumu ana tatizo hili.

Nitatumia mfano wa mvulana wa miaka 3. Asubuhi alikuwa akinywa kikombe kikubwa cha maziwa, mchana chai ya maziwa, jioni bongo, yaani maziwa ya mgando. Alipata choo mara moja kwa siku 5, akisimama kwenye vidole vya miguu na kukaza makalio, na njia ya haja ilikuwa nyekundu na imepasuka. Wekundu huo na mpasuko usiopona ndivyo vilivyotufanya tushuku maziwa.

Hatua ya kwanza ni daktari. Mtoto aliyechelewa kutoa choo cha kwanza zaidi ya saa 48 baada ya kuzaliwa, anayetapika, tumbo limejaa, au hakui vizuri, anahitaji uchunguzi mwingine kabisa. Aliyewahi kuvimba midomo au kushindwa kupumua baada ya maziwa asijaribiwe nyumbani. Mwenye utapiamlo vilevile.

Hatua ya pili, choo kilichokwama kitolewe kwanza. Wengi hukosea hapa: wanaondoa maziwa huku kuna bonge gumu ndani, halafu wanasema jaribio limeshindwa. Mvulana wetu alipewa laktulozi, dawa ya kulainisha choo, kwa kipimo cha daktari, na baada ya kusafishika akaendelea na kipimo kilekile mpaka mwisho. Ukibadilisha dawa na chakula pamoja, hutajua kipi kimesaidia.

Hatua ya tatu, ondoa maziwa yote kwa wiki 2 hadi 4: maziwa, chai ya maziwa, bongo, siagi, samli, biskuti na mkate wenye maziwa. Soma pakiti. Kila siku andika: amepata choo? Kigumu au laini? Amelia? Siku ya 6 bibi yake alimpa chai ya maziwa kwa huruma, tukaanza kuhesabu upya. Badala ya maziwa alikula maharage, mayai, simsim, na mukene, yaani dagaa, waliosagwa na mifupa yao, maana mifupa ndiyo yenye kalsiamu.

Kufikia wiki ya tatu alikuwa anapata choo mara 4 kwa wiki bila kulia.

Hatua ya nne ndiyo wazazi huikimbia: kurudisha maziwa. Nafuu inaweza kuja kwa dawa, au kwa sababu mpasuko umepona tu. Kwa ruhusa ya daktari alianza na robo kikombe, akaongezewa kila siku. Siku ya 4 choo kikawa kigumu, akarudi kusimama kwenye vidole. Tukasimamisha. Angebaki sawa kwa wiki 2, tungemrudishia maziwa yake na kutafuta sababu nyingine.

Maswali ya wanachama

*Mama Zubeda, Arua: Sista, nimpe ya mbuzi?*
Hapana, mama. Protini zake zinafanana sana na za ng'ombe. Kuchemsha nako hakutoshi.

*Baba Issa, Kampala: Wangu ana miezi 5 na ananyonya tu.*
Kwanza hakikisha ni tatizo kweli: mtoto anayenyonya anaweza kukaa siku kadhaa bila choo, na kikitoka laini hana shida. Kikiwa kigumu, mpelekeni kwa daktari. Asiachishwe kunyonya. Daktari akishuku maziwa, mama ndiye ataacha maziwa ya ng'ombe, naye apate kalsiamu.

*Dada Mariam, Bwera: Tumeondoa maziwa wiki 4, hakuna tofauti. Niondoe na ngano, mayai na soya?*
Mrudishie maziwa kwanza, dada. Ngano au soya huweza kuwa sababu kwa wachache, lakini kinaondolewa kimoja kimoja, na daktari ndiye achague. Ukiondoa vyote pamoja, mtoto atakonda na hutajua kilichomsumbua.

*Mama Zubeda: Huyo mvulana hatakunywa maziwa tena?*
Atajaribiwa tena baada ya miezi 6 hadi 12. Watoto wengi hukua wakayazoea.